Kalamu Nyekundu ya Mama Vistari

Siku ya kwanza nilipomwona alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, na sikujua amesimama hapo tangu lini. Mashine za kuchapa zilikuwa upande wa pili wa ukuta, na zikishaanza kazi mtu anaweza kuingia chumba cha kompyuta na gari usisikie. Niligeuka kuchukua karatasi kwenye printa nikakuta viatu vyeusi vya kike, halafu kikapu, halafu yeye mwenyewe: mama wa makamo, mrefu, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia kioo cha kompyuta.

“Endelea, fundi,” alisema. “Naangalia unavyofanya.”

Nilisema karibu, lakini sidhani kama ilitoka mdomoni. Mtu akikwambia anaangalia unavyofanya kazi yako, hata kama amesema kwa upole, huna budi kujiuliza ametumwa na nani.

Mimi si msemaji. Pale kazini waliniita Kimya, na jina lenyewe nililiitikia kwa kichwa. Niliishia shule ya msingi, nikaingia kwenye nyumba ile ya kuchapa vitabu nikiwa mfagiaji, na fundi mashine mmoja, tuliyemwita Wino kwa sababu ya kucha zake, akanifundisha kupanga herufi za risasi, moja moja kwa mkono. Kompyuta zilipoletwa, nilijifunza kwa kuchungulia. Kazi yangu ikawa kupanga kurasa. Napewa maandishi yaliyokwisha kuhaririwa, nayaweka kwenye ukurasa, natazama mistari ikae sawa, natoa prufu, karatasi za kusahihishwa kabla ya kuchapa. Neno la mtu siligusi. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na mimi niliipenda kwa sababu ilinipunguzia kuulizana na watu.

Sheria nyingine ilikuwa ya kalamu. Prufu ikirudi na alama za bluu, maana yake mhariri au mfasiri amebadilisha jambo. Ikirudi na alama nyekundu, maana yake aliyepanga kurasa ameharibu. Bosi wetu hakuwa na muda wa kusoma prufu. Aliipekua kama mtu anayetafuta stempu, akatazama rangi. Mwenzangu aliyekuwa kwenye kompyuta kabla yangu aliondolewa kwa rangi tu. Na kipindi hicho sote tulijua kwamba mhasibu ana mpwa wake, binti aliyemaliza chuo, anaijua kompyuta vizuri na anatafuta pa kukaa. Kiti cha kupanga kurasa kilikuwa kimoja. Nilikuwa nimekikalia mimi.

Kitabu kilichomleta yule mama kilikuwa riwaya iliyotafsiriwa kutoka Kifaransa, habari ya mjane na watoto wake wanaogombania nyumba. Nilikuwa nimeshaipanga yote, na sitaficha, ilinichosha macho. Watu wa riwaya ile walikuwa wanafungua usemi lakini hawafungi. Kila mstari ulianza na alama ya kunukuu, halafu maneno yanakwenda, yanakwenda, mpaka huelewi huyu bado anasema au ameshanyamaza na mtunzi ndiye anayesimulia. Alama za kuulizia zilikuwa zimeachana na maneno yake. Nyingine zilianguka mwanzo wa mstari unaofuata, zikakaa peke yake kama mtu aliyeachwa na basi. Na ng'ombe hakuandikwa ng'ombe. Aliandikwa ng"ombe, na ng'ambo vilevile, kitabu kizima.

Niliyaona yote hayo. Lakini bosi alinipa faili mwenyewe, mkononi, akasema, “Hili nimeshalisafisha. Wewe panga tu.” Nikapanga.

Mchana ule Wino alikuja kuegemea mlango wangu.

“Umemwona mgeni?”

“Nimemwona.”

“Alikuwa anafundisha Kifaransa, halafu akahamia kiwanda cha chapa cha watawa mpaka kilipofungwa. Sasa hivi anaitwa huku na huku kusoma prufu. Nasikia anakuja na kalamu zake mwenyewe.”

“Za rangi gani?”

“Wewe unafikiri za rangi gani?” Akacheka mpaka akakohoa. “Kimya, ndugu yangu, kaza mkanda.”

Mgeni alipewa meza kwenye kijichumba kilichotengwa na changu kwa mbao nyembamba na kioo. Nikiinua macho nauona mkono wake. Upande wa kushoto alikuwa na kitabu cha Kifaransa, kulia prufu yangu, na katikati kalamu nyekundu haitulii. Alikuwa anachora vistari vidogo pembeni mwa kila ukurasa, na kabla juma halijaisha Wino alishambatiza Mama Vistari.

Siku moja alikuja na karatasi, akainama mezani kwangu.

“Fundi, faili hili ulipewa na nani?”

“Ofisini.”

“Nani, ofisini?”

“Ofisini tu, dada.”

“Lilikuja hivihivi lilivyo?”

“Mimi maneno siyagusi.”

“Sijauliza maneno. Nauliza alama.”

Ningesema nini? Nikisema bosi, nitaambiwa namsingizia bosi. Nikisema mimi, nimejinyonga. Alinitazama juu ya miwani, akasema haya, akaondoka na karatasi yake. Nikajisemea, huyu anakusanya ushahidi.

Kesho yake nilimkuta kwenye korido, amegeukia dirisha, simu sikioni. Alikuwa anaongea Kifaransa, sauti ya chini. Ningepita zangu, ila katikati ya Kifaransa chake nikasikia waziwazi, “fundi wa kurasa.” Aliponiona alishusha sauti zaidi. Nilikwenda chooni nikasimama mbele ya bomba bila kunawa, nikiwaza ni mtu gani wa huko mbali anayehitaji kujua habari zangu.

Halafu nikagundua anaondoka na kurasa. Jioni alikuwa anapanga prufu kwenye kikapu, anaifunika kwa kitambaa, anapita getini. Karatasi za kitabu ambacho hakijatoka hazitoki nje ya nyumba. Mlinzi mwenyewe alilijua hilo, lakini hakuna mlinzi anayefunua kikapu cha mama mtu mzima.

Nilimwambia mke wangu wakati anakunja nguo.

“Anapeleka kazi yako nyumbani kwake? Kwa nini asiifanyie pale mnapomwona?”

“Sijui.”

“Umemuuliza?”

“Hapana.”

“Bila shaka,” alisema mke wangu, akakunja shati langu kama analiadhibu. “Utakuja kufukuzwa siku moja, na wewe utawaitikia kwa kichwa.”

Bosi aliniita muda si mrefu. Sura za mwanzo zilikuwa mezani kwake, na hata kutoka mlangoni niliona wekundu. Alipekua. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Kila mahali mtu alipofungua mdomo palikuwa na alama, na kila ng'ombe alikuwa amezungushiwa duara.

“Eleza.”

“Bosi, mimi nilipanga kama lilivyokuja.”

“Nilikupa faili safi. Nilikaa nalo mwenyewe, nikalisafisha. Nikupe kitu safi, kinarudi kama kimechinjiwa kuku?”

Akaifunga prufu, akaisukuma kando.

“Kitabu hiki kikiisha utahamia kufungasha vitabu,” alisema. “Hatukufukuzi. Kule hakuna alama.” Kisha akasogea mbele. “Na huyu mama naye simwelewi. Naambiwa anatoka na kurasa. Leo hakuja, amesema mamaye mgonjwa. Nenda kwake ukachukue zilizokwisha. Na ukifika, angalia vizuri anafanya nini nazo.”

Kwa hiyo nilikwenda, nikiwa sijui ninamchukia zaidi nani.

Alikuwa anakaa chumba cha chini kwenye jengo la ghorofa, nyuma, pale nguo zinapoanikwa. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Kabla sijabisha nilimsikia anasoma kwa sauti, na maneno niliyafahamu. Ilikuwa riwaya ile. Nikasimama kusikiliza anamsomea nani.

“‘Nani amekuambia nyumba inauzwa? aliuliza mama. Kaka. Kaka yupi? Mkubwa, alijibu binti huku akifunga mlango. Ameshauza.’”

“Subiri,” ilisema sauti ya kizee. “Nani kasema ameshauza? Ni binti, au ndiyo imeshauzwa kweli?”

“Ndicho ninachokitafuta, mama.”

“Basi tafuta. Maana kama ni binti, huyo tangu mwanzo mwongo.”

Nikabisha. Mama Vistari alifunua pazia, akaniona, na uso wake ukajifunga. Alitazama nyuma yangu kuona kama nimekuja na mtu.

“Nimeagizwa kurasa,” nilisema.

“Ingia.”

Mamaye alikuwa kitandani, amelazwa juu ya mito, macho yana ukungu. Aliniuliza mimi ni nani, mwanaye akamjibu ni fundi wa kurasa. “Ahaa,” alisema bibi, “wewe ndiye unayetuchanganya.” Nikaona hata kwa watu wasioweza kusoma nimeshachongewa.

“Mwache, mama,” alisema Mama Vistari. “Bado sijajua ni nani.”

Akanipa kiti. Akakaa na kurasa zake mapajani. Nadhani alikuwa anapima aniambie au asiniambie. Halafu akafungua kitabu cha Kifaransa, akakigeuzia kwangu.

“Huwezi kukisoma, na mimi sitaki usome. Tazama alama tu. Unaona hizi pembe mbili, kama midomo ya ndege? Hapo mazungumzo yanaanza. Sasa tafuta zinapofunga.”

Nikatafuta kwa kidole. Mstari, mstari, mstari. Zilifunga chini kabisa, karibu na mwisho wa ukurasa.

“Watu wangapi wamesema hapo katikati?” aliuliza.

Niliona kila mtu mpya ameanza na kistari kirefu, mwanzo wa mstari. Hakuna aliyefungua, hakuna aliyefunga. Na pale ambapo kwetu tungetoka nje ya alama kusema alijibu fulani, wao hawatoki.

“Kwao ni sawa kabisa,” alisema. “Pembe zinafungua mazungumzo yote, kistari kinabadilisha msemaji, pembe zinafunga wote wakimaliza. Alisema na alijibu zinabaki humohumo ndani, na msomaji wao amezoea. Hata alama ya kuulizia wanaipa nafasi kidogo isigusane na neno. Sisi kila mtu tunamfungulia na kumfungia, na mtunzi anasimama nje. Mfasiri bila shaka aliviacha vistari hivyohivyo, na sasa mtu amechukua kila kistari akakigeuza kifungua usemi. Kwa mkupuo. Na hakuna mahali alipofunga, kwa sababu kistari hakina mwenzake wa kufunga.”

“Kompyuta ina amri ya hivyo,” nilisema. Yalinitoka tu. “Unaiambia kitu cha kutafuta na kitu cha kuweka.”

“Naijua. Halafu mtu huyohuyo akaona kuna alama moja moja za kunukuu, kama pale mtu anaposoma barua ndani ya maneno yake, akataka zote ziwe mbili mbili. Akabadilisha zote. Na alama ya ng'ombe ikaingia mle.”

Bibi alicheka peke yake kitandani. “Ng'ombe kapata masikio.”

Mama Vistari hakucheka. Alikuwa ananitazama.

“Hiyo amri, wewe huitumia?”

Hapo ndipo nilipoelewa tulikuwa tumefika wapi. Alikuwa ananishuku mimi. Siku zote zile, kwenye kioo, kwenye korido, alikuwa ananichunguza kama mimi nilivyokuwa namchunguza yeye.

“Siitumii kwenye maneno ya watu,” nilisema.

“Kwa nini hukuniambia faili limepita kwa nani?”

“Kwa nini ulinipiga nyekundu?”

Akashangaa kweli. “Nyekundu imefanya nini?”

“Kitabu kizima nyekundu.”

“Nyekundu ni ya alama. Bluu ni ya maneno. Ukibadilisha neno unatumia bluu, ukirekebisha nukta au mkato au usemi unatumia nyekundu. Ndivyo tulivyofanya kwa watawa, ili mpangaji asichanganye. Kwenu sivyo?”

“Kwetu nyekundu ni mimi.”

Hakuelewa mara moja. Ilibidi nimweleze: bluu ni wenye maneno, nyekundu ni mpangaji, bosi hasomi, anatazama rangi, na nimeshaambiwa nitakwenda kufungasha. Kwa mtu kama mimi ilikuwa hotuba. Nilipomaliza alikuwa ameivua miwani.

“Na hakuna aliyeniambia,” alisema taratibu. “Nilipewa meza, nikapewa prufu. Wewe unaniona kila siku kupitia kioo.”

“Nilidhani unajua.”

“Ulidhani nakuchimba.”

Nikaitikia kwa kichwa.

Akaniambia kuhusu ile simu. Alikuwa anaongea na mfasiri, anayeishi nchi nyingine. Kuna mahali hata kitabu cha Kifaransa hakisaidii, kama pale binti anapofunga mlango: alama ya kufunga iko mbali, kwa hiyo haikwambii kama ameshauza ni maneno ya binti au ya mtunzi. Hapo anabeba kurasa nyumbani, anasoma kwa sauti, mamaye asiyeona anauliza nani kasema, na kila bibi anapouliza, yeye anaweka kistari pembeni na kumpigia mfasiri. Na siku ile alikuwa amemuuliza mfasiri kama faili lilikwenda kwa fundi wa kurasa moja kwa moja, au lilipita kwa mtu.

“Amesema atanitumia lile la kwake, kama lilivyotoka mkononi mwake.”

“Amesema lilipita kwa nani?”

“Amesema alimtumia bosi wako.”

Tukatazamana. Nikachukua kurasa zilizokwisha, nikaaga. Bosi aliniuliza nimeona nini. Nilisema anafanya kazi, na mamaye ni mgonjwa kweli. Alingoja niongeze. Alikuwa anajua tabia yangu, akakata tamaa.

Siku aliyorudi, Mama Vistari alikwenda kwa bosi akiwa na mafaili mawili yaliyochapwa mkononi. Ofisi ya bosi nayo imetengwa kwa mbao, na siku hiyo Wino alizima mashine, eti inapata moto.

“Hili ndilo alilotuma mfasiri,” tulimsikia. “Ng'ombe yuko salama, vistari viko mahali pake. Na hili ndilo alilopewa fundi.”

“Kwa hiyo unanihoji mimi?”

“Nahoji faili, bosi.”

“Nililisafisha. Lilikuwa limejaa vistari kama ukuta wa magereza. Ningempa mtu kitu kile?”

“Vilikuwa vinafanya kazi.”

Halafu bosi akasema kwa sauti nyingine, “Na wewe na yule fundi, mmejuana lini? Nilimtuma kwako mara moja tu, amerudi hana la kusema, leo umekuja kumtetea.”

“Simtetei. Nilikosea kalamu. Nyekundu zangu hazimhusu, na naziandika upya kwa bluu, zote, na ukurasa wa mbele nitaweka sahihi yangu kwamba ni mabadiliko ya msomaji wa prufu.”

“Hakuna muda.”

“Basi chapa hivihivi na jina lako, ng'ombe na masikio yake.”

Wino alijiziba mdomo kwa kitambaa cha mashine.

Mama Vistari akaandika upya. Nyekundu ikipitiwa na bluu inakuwa zambarau, na prufu ile ikawa na rangi ambayo nyumba yetu haikuwa na sheria yake. Kisha akaja kukaa kando yangu tuyaingize. Kitu cha kwanza tulimrudisha ng'ombe. Hiyo tuliiachia kompyuta kwa mkupuo, kwa sababu alisema hakuna neno letu linaloishia na ng, basi haiwezi kupotea njia. Nafasi kabla ya alama za kuulizia nazo tulizifuta kwa amri. Usemi hatukuiachia. Yeye anasema fungua, mimi nafungua. Anasema funga, mtunzi yuko nje, mkato ndani. Tulipofika kwa binti na mlango wake, mfasiri alikuwa ameshajibu kwamba aliyasema binti, na mimi nikaweka:

“Mkubwa,” alijibu binti huku akifunga mlango. “Ameshauza.”

Nikatazama vile vialama vinne, nikaona kama mtu amewasha taa chumbani.

Siku zote hizo bosi alipita mlangoni zaidi ya kawaida yake. Akisimama, tunanyamaza, tukinyamaza, anazidi kutushuku. Mhasibu naye aliacha kunisalimia. Kitabu kilikwenda mashine. Ya kufungasha hayakutajwa tena, wala hakuna aliyeniambia nibaki. Nilikuja asubuhi, kiti kilikuwepo, nikakaa. Lakini kitabu kingine cha Kifaransa kilipokuja, nilisikia bosi akimwambia mhasibu atafutwe msomaji mwingine, asiye na maneno mengi.

Mama Vistari alikuja kuchukua vitu vyake wakati wenzetu wametoka kula. Alitia kalamu kwenye kikapu, kitabu cha Kifaransa, kitambaa. Alisimama nyuma ya kiti changu, palepale, ila safari hii nilikuwa nimemsikia.

“Nina swali moja, fundi. Siku ile ulipokuja nyumbani, ulikuja kuchukua kurasa, au ulitumwa kuniangalia?”

Nilifungua mdomo. Yote mawili yalikuwa kweli, na sikujua lipi litangulie.

“Usijibu,” alisema. “Mama alishaniambia siku ileile. Haoni, lakini alisikia kiti hakikulia ulipokaa, akasema huyu amekaa ukingoni, ametumwa. Nikamwambia hata akiwa ametumwa, hajui kuongea, ataripoti nini?”

Akaweka kikapu begani na kuelekea mlangoni. Nilisimama nikitaka kusema asante, au pole, au nimpelekee salamu bibi. Alingoja kidogo, akaona hakuna kinachotoka.

“Anakuulizia,” alisema. “Ukija tena, kaa vizuri.”